Lokole au Ngoma? Kuitambua Ala kwa Sikio

Tuseme msikilizaji wa kanda iliyorekodiwa kando ya Mto Kongo, karibu na Kisangani, ameandika: “Ngoma mbili, moja nene, moja nyembamba, mdundo hauna mpangilio.” Maelezo hayo yaweza kutupotosha. Ngozi ikipigwa huvuma. Sauti hii ni kavu, ya mti, na hukatika upesi. Basi twaelekea kwenye lokole: gogo lililochimbwa ndani kupitia mwanya mrefu, ambalo hupigwa kwa fimbo mbili kwenye midomo ya mwanya huo. Kwa kuwa midomo haikuchongwa sawa, gogo moja hutoa sauti mbili.

John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1949, alionyesha kwamba sauti hizo hufuata toni za juu na za chini za maneno ya Kilokele. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hulipanua kila neno kuwa fungu refu. Kinachodhaniwa kukosa mpangilio, kumbe ni sentensi.

Hata hivyo, sikio peke yake haliwezi kuthibitisha kama ni gogo moja au mawili. Hilo huamuliwa na aliyemwona mpigaji. Tukiandika “ngoma” tu katika orodha, hakuna atakayeutafuta ujumbe uliomo.