Hisa

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Safaricom ya Kenya ina hisa takriban bilioni 40. Mwenye hisa 1,000 anamiliki sehemu moja kati ya milioni 40, hupiga kura mkutanoni na hupata gawio likitangazwa. Hawezi kuidai kampuni fedha zake. Akitaka kutoka, lazima apatikane mnunuzi.

Hapo ndipo bei huzaliwa. Tuseme katika Soko la Hisa la Nairobi muuzaji anataka shilingi 20.10, mnunuzi anatoa 20.00. Mnunuzi akikubali 20.10, hiyo ndiyo bei mpya, ingawa kampuni haijabadilika.

Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Kabla ya mwaka kwisha, msukosuko wa fedha duniani ukiwatisha wawekezaji, bei ilishuka chini ya hapo.