Kupanga kazi kwa kufuata nguvu za mwili

Anayepanga muda huzigawa saa za siku. Anayepanga nguvu huuliza kwanza ni saa ipi akili yake huwa imechangamka. Mwaka 2007, Tony Schwartz na Catherine McCarthy waliitetea njia hii ya pili katika jarida la Harvard Business Review, wakieleza kuwa saa haziongezeki, bali nguvu hurejeshwa.

Kwa watu wengi umakini hupanda asubuhi, hushuka kati ya saa saba na saa tisa mchana, hata kwa asiyekula, kisha hupanda tena jioni. Wengine huchangamka usiku.

Ili kuijua saa yake, mtu hujipa alama ya 1 hadi 5 kila saa kwa wiki mbili. Tuseme mhasibu anaona alama zake za juu hujirudia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Wakati huo atafunga hesabu za mwezi. Barua pepe atazijibu saa nane mchana. Siku alizolala kidogo asizihesabu, na kahawa aipunguze, kwani huuficha uchovu. Alama zikibaki chini kutwa, huenda kinachohitaji kurekebishwa si ratiba, bali usingizi.