Shilingi ya mjukuu ina thamani gani leo? Hesabu iliyojificha nyuma ya mabadiliko ya tabianchi

Mitambo ya bwawa la Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Wengi walioamua lijengwe hawapo tena, lakini megawati 204 za bwawa hilo bado zinaingia kwenye gridi ya taifa. Tunaanza na bwawa hili kwa sababu linatusaidia kueleza neno ambalo wasikilizaji hulisikia kwenye habari za tabianchi bila kufafanuliwa: kiwango cha punguzo.

Wachumi wakitaka kujua kama mradi unalipa, hawaihesabu shilingi ya miaka ijayo sawa na shilingi ya leo. Huipunguza kidogo kwa kila mwaka unaopita. Kwa miaka mingi miradi mikubwa katika nchi zetu ilipimwa kwa punguzo la asilimia 10 au 12 kwa mwaka. Ukitumia asilimia 10, faida ya shilingi moja itakayopatikana baada ya miaka 50 huhesabiwa leo kuwa chini ya senti moja. Kwa hesabu hiyo, umeme wa Kidatu tunaoutumia sasa, nusu karne baadaye, ulikuwa karibu na bure wakati bwawa linajengwa.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kilicho kando ya mto bondeni Kilombero kinafikiria kutumia shilingi milioni 10 mwaka huu kupanda na kulinda miti kwenye kingo. Tuseme kazi hiyo itazuia mafuriko ya masika yasiharibu nyumba na mashamba ya mpunga yenye thamani ya shilingi milioni 50, miaka 50 kuanzia sasa. Je, inalipa?

Kwa punguzo la asilimia 5, gawanya milioni 50 kwa 1.05, jibu ligawanye tena kwa 1.05, hivyo hivyo mara hamsini. Utabaki na milioni 4.4 hivi. Mhasibu atasema acheni, mnatoa kumi kuokoa nne. Tumia asilimia 1.4 badala yake, na hasara ile ile inakuwa karibu milioni 25. Sasa mhasibu huyo huyo atasema anzeni kesho. Mto ni ule ule na miti ni ile ile. Kilichobadilika ni namba moja tu, na mpaka kati ya ndiyo na hapana hapa uko karibu na asilimia 3.3.

Asilimia 1.4 hatukuiokota njiani. Ndiyo iliyotumika katika ripoti ya mwaka 2006 ya Nicholas Stern, mchumi aliyeiandikia serikali ya Uingereza. Alisema dunia ichukue hatua kubwa mara moja. Mmarekani William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2018, alitumia kiwango cha zaidi ya asilimia 4, akashauri tuanze polepole na kuongeza kasi baadaye. Ugomvi wao ulihusu punguzo zaidi kuliko ulivyohusu mvua na joto.

Punguzo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutokuwa na subira: kumhesabu mtu kidogo kwa sababu tu atazaliwa baadaye. Stern aliiweka asilimia 0.1, na hata hiyo ni kwa ajili ya uwezekano kwamba binadamu wanaweza kuangamia kabisa. Kwake mjukuu ni mtu sawa na babu. Nordhaus alijibu kwamba watu wenyewe hawaishi hivyo, ukiangalia riba wanazodai kwenye akiba na mikopo. Pia, fedha inayowekwa kwenye jambo lenye faida kubwa zaidi inaweza kumwachia mjukuu mali nyingi kuliko miti.

Sehemu ya pili ni matumaini kwamba wajukuu watakuwa matajiri kuliko sisi, hivyo shilingi moja haitawauma sana. Hapa ndipo sisi tunaona hesabu inayumba zaidi. Mkulima ambaye mvua zimemvuruga na shamba limezolewa na maji anaweza kumwachia mtoto wake maisha magumu kuliko yake. Ikiwa wajukuu watakuwa maskini zaidi, sehemu hiyo ya punguzo inageuka, na shilingi yao inakuwa na uzito kuliko ya leo.

Lakini kuondoa punguzo lote nako kuna tatizo. Kungemtaka mwenye njaa ya mwezi wa pili ajinyime bila mwisho kwa ajili ya watu watakaokuja. Ndiyo maana swali la nani alipe halitenganishwi na swali la kiwango: milioni 10 zikitoka kwenye nchi tajiri zilizochafua hewa kwa muda mrefu, uzito wake si sawa na zikichangwa kaya kwa kaya kijijini.

Basi mtaalamu akija kwenye mkutano wa kijiji na kusema mradi wa miti, mifereji au tuta haulipi, muulizeni ametumia punguzo la asilimia ngapi, na amehesabu miaka mingapi.