Mhusika Anayekataa Kuanguka: Historia ya Mota za Viungo katika Michezo ya Kompyuta

Tangu Desemba 2023, kampuni ya Rockstar Games ilipoonyesha video ya kwanza ya Grand Theft Auto VI, umefufuka mjadala wa zamani miongoni mwa wachezaji, ambao wengi wao hushikilia kwamba wahusika wa mchezo wa nne, uliotoka tarehe 29 Aprili 2008, walipepesuka waliposukumwa kwa namna ya kibinadamu zaidi kuliko wale wa mchezo wa tano wa mwaka 2013. Malalamiko hayo yana msingi, na mizizi yake ni mirefu kuliko michezo hiyo miwili.

Katika Hitman: Codename 47 ya mwaka 2000, ambayo hesabu zake Thomas Jakobsen alizieleza hadharani mwaka uliofuata, mwili wa aliyeuawa ulianguka kwa kufuata kanuni za fizikia, lakini ulikuwa mwili usio na misuli, unaolegea kama mdoli wa matambara. Jitihada za kuupa mwili kama huo uwezo wa kujisimamisha zilitoka kwingine, hasa Chuo Kikuu cha Oxford, ambako Torsten Reil alikuwa akichunguza jinsi mfumo wa neva unavyoongoza mwendo. Katika mhadhara wake wa TED wa mwaka 2003, Reil alieleza kwamba hakumfundisha mhusika wake kutembea, bali aliunda kundi la wahusika wenye misuli na mitandao ya neva ya kubahatisha, akawaacha waanguke, kisha akachagua waliofika mbali kidogo ili wawe wazazi wa kizazi kilichofuata, na kwa kurudia uteuzi huo vizazi kwa vizazi akapata wanaotembea kwa miguu miwili. Mwaka 2001 yeye na Colm Massey walianzisha kampuni ya NaturalMotion, ambayo programu yake iitwayo euphoria ndiyo iliyotumiwa katika mchezo huo wa mwaka 2008.

Msingi wa ufundi huu ni mota ya kiungo, yaani hesabu inayozungusha goti, nyonga au kifundo kuelekea pembe inayotakiwa kwa nguvu inayoongezeka kadiri kiungo kinavyokuwa mbali na pembe hiyo, huku sehemu ya pili ya hesabu ikipunguza kasi ili kiungo kisipitilize. Mota peke yake humfanya mhusika awe mgumu tu, naye huanguka kama nguzo. Kinachomfanya apepesuke ni uamuzi wa mahali pa kuweka mguu. Kanuni moja, ambayo Jerry Pratt na wenzake waliichapisha mwaka 2006 kwa ajili ya roboti, huzidisha kasi ya kitovu cha uzito kwa kipeuo cha pili cha urefu wake kutoka ardhini uliogawanywa kwa mvutano wa dunia, ili kupata umbali wa mahali hapo kutoka kwenye kitovu. Kwa mhusika ambaye kitovu chake kiko mita 1 juu ya ardhi, kipeuo hicho ni takriban sekunde 0.32, hivyo akisukumwa mbele hadi kasi ya mita 0.3 kwa sekunde, mahali pa kusimamia pako sentimita 10 tu mbele ya kitovu, ndani ya unyayo wake, na kifundo cha mguu kinatosha kumrudisha. Akisukumwa hadi mita 2 kwa sekunde, mahali hapo pako sentimita 64 mbele na huzidi kusogea wakati mguu ungali hewani, kwa hiyo hatua ya kwanza humpunguzia kasi bila kumsimamisha, na ya pili na ya tatu hufuata.

Mota zikilegezwa mno, magoti hukunjika kabla ya mguu kufika, na zikikazwa kupita kiasi, viungo hutetemeka kwa sababu hesabu hufanywa kwa vipindi vya muda na nguvu kubwa hupitiliza kati ya kipindi na kipindi. Baadhi ya watengenezaji hukwepa tabu hiyo kwa kuuegemeza mwili kwa nguvu iliyofichwa nyongani, na mtazamaji huigundua anapoona kiwiliwili kimeinama mno huku nyayo zikiteleza bila kubeba uzito wowote.

Upande wa pili wa mjadala nao una hoja, kwani mhusika anayetafuta mizani hawezi kutii vidole vya mchezaji mara moja, na mbuni anayetaka wepesi hufupisha kupepesuka huko. Mwaka 2014 kampuni ya Zynga iliinunua NaturalMotion kwa zaidi ya dola milioni 500, wakati ambapo jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma kwa michezo ya simu kama CSR Racing, na tangu hapo ufundi wa mota umeendelezwa pia na studio ndogo zilizotengeneza michezo ya kuchekesha kama Gang Beasts. Kuuacha ufundi huu ubaki kichekesho ni hasara, na studio kubwa zenye fedha na wataalamu zinapaswa kuutumia zaidi katika michezo yao mikuu, hata kama wachezaji watalazimika kusubiri sekunde mbili hadi mhusika wao asimame sawasawa.