Mtuamo wa Nash, Wala Si Usawa

Wanaofundisha uchumi kwa Kiswahili wameanza kuandika «usawa wa Nash», na kamati moja iliyokaa kuhakiki istilahi za somo hilo imelipitisha neno hilo bila kulijaribu kwenye hata jedwali moja. Wengine, wakijiona makini zaidi, wanaandika «msawazo wa Nash». Kundi la tatu limechagua «mizani». Pendekezo langu, ambalo niliwahi kulipeleka kwa maandishi na halikujibiwa, ni mtuamo. Nalitetea hapa hadharani kwa sababu kosa lililomo katika maneno yale matatu linaonekana kwenye madaftari ya wanafunzi, na linawanyima alama.

Chanzo cha kosa ni Kilatini. Neno ambalo Wazungu walilirithi limeungwa kwa sehemu mbili: ya kwanza ina maana ya «sawa», ya pili ni mizani ya kupimia. Wafasiri wetu wamelipasua neno hilo na kutafsiri vipande vyake. Aliyeshika kipande cha kwanza alipata usawa na msawazo, yote yakitoka kwenye sawa, neno tulilolipata kwa Waarabu. Aliyeshika cha pili alipata mizani, Kiarabu pia, ndugu wa uzani na wizani. Ni maneno mazuri yenye kazi zake. Fundi anayepima nguvu mbili zinazovutana anahitaji mizani, na mwanasheria anayedai haki anahitaji usawa. Lakini John Nash, alipochapisha hoja yake mwaka 1950 na kuipanua mwaka 1951, hakupima kitu kwa kitu wala hakumlinganisha mchezaji na mwenzake. Aliuliza swali moja tu: je, yupo mchezaji ambaye, wenzake wakibaki walipo, angepata zaidi kwa kubadili uamuzi wake peke yake? Kama hayupo, mchezo umetua. Katika swali hilo hamna usawa wa aina yoyote.

Jedwali litatoa ushahidi. Tuchukue soko la wauzaji wawili hapa Mbamba Bay. Wachuuzi wa samaki wabichi wanaopandisha mzigo Mbinga na Songea kwa barabara ya lami hawawezi kuondoka bila barafu. Tuseme wauza barafu ni wawili tu, mmoja yuko mwaloni na mwingine yuko stendi, na mahitaji ya siku ni mapande 180. Kila pande linamgharimu muuzaji shilingi 500. Kila mmoja asubuhi anachagua bei moja kati ya mbili, 1,000 au 900, bila kujua mwenzake ametaja ngapi. Wa mwaloni ana faida ya kuwa karibu na mitumbwi, kwa hiyo bei zikifanana yeye huuza mapande 110 na wa stendi 70. Wa mwaloni akishusha peke yake huuza 150, mwenzake 30. Wa stendi akishusha peke yake huuza 100, na wa mwaloni hubaki na 80. Faida za siku zinakuwa hivi, ya wa mwaloni ikitangulia:

| | Stendi 1,000 | Stendi 900 |
|---|---|---|
| Mwaloni 1,000 | 55,000; 35,000 | 40,000; 40,000 |
| Mwaloni 900 | 60,000; 15,000 | 44,000; 28,000 |

Mpe jedwali hili mwanafunzi aliyefundishwa «usawa wa Nash», umwambie atafute usawa. Ataweka kidole kwenye kisanduku cha juu kulia, 40,000 kwa 40,000, na hutakuwa na haki ya kumlaumu, kwa sababu neno lenyewe ndilo lililompeleka pale. Aliyefundishwa «mizani» naye atalinganisha namba mbili zilizo ndani ya kisanduku kimoja na kufika palepale. Wote wawili wamekosa.

Njia sahihi haigusi kabisa namba mbili za kisanduku kimoja kwa pamoja. Anza na wa mwaloni. Shika safu ya kushoto, yaani chukulia kwamba wa stendi ameshataja 1,000, kisha shuka chini ukisoma namba za wa mwaloni peke yake: 55,000 na 60,000. Jibu lake bora ni 900, kwa hiyo piga mstari chini ya 60,000. Hamia safu ya kulia, ambako wa stendi ametaja 900: 40,000 na 44,000. Piga mstari chini ya 44,000. Sasa mgeukie wa stendi, na kwake soma kwa kwenda upande. Wa mwaloni akiwa 1,000, wa stendi ana 35,000 au 40,000; piga mstari chini ya 40,000. Wa mwaloni akiwa 900, ana 15,000 au 28,000. Piga mstari chini ya 28,000. Kisanduku chenye mistari chini ya namba zote mbili ni kimoja tu, cha chini kulia: wote wanauza kwa 900, mmoja anapata 44,000 na mwenzake 28,000.

Tazameni namba hizo. Hazifanani. Hakuna kilichosawazishwa baina ya wafanyabiashara hawa, na tofauti yao ni shilingi 16,000 kwa siku. Hata hivyo pale ndipo bei zinapokaa, maana wa mwaloni akirudi 1,000 peke yake atashuka hadi 40,000, na wa stendi akirudi peke yake ataangukia 15,000. Kile kisanduku cha 40,000 kwa 40,000 hakikaliki: wa mwaloni akishusha tu bei anaongeza shilingi 4,000, na kesho yake ataishusha.

Sasa nieleze nilikolitoa mtuamo. Mzizi ni tua: kushusha mzigo kichwani, ndege kushuka chini, jua kuzama. Ni neno letu la Kibantu, na jamaa zake wako jirani. Ng'ambo ya ziwa, kwenye Kinyanja, kutula ni kuuweka mzigo chini. Ile l ambayo Kiswahili kimeipoteza kwenye tua bado inasikika kwetu katika tulia, tuliza na utulivu. Juu ya mzizi huo imepandikizwa -ama, kiambishi cha kauli ya kutendama, ambayo wanasarufi wetu wanaifahamu vizuri na wanakamati wameisahau. Kauli hiyo hueleza kitu kilichoingia katika hali na kubaki humo: simama, inama, gandama, kwama. Tuama basi ni kutua na kubaki, kama mashapo yanavyoshuka na kukaa chini ya maji. Na kama simama ilivyotupa msimamo, tuama inatupa mtuamo kwa kanuni ileile, bila kukopa chochote.

Neno hili lina sifa nyingine ambayo wapinzani wake hawawezi kuidai: linakuja na kitenzi kisichopotosha. Tunaweza kusema bei zimetuama kwenye 900, kisanduku hiki hakituami, jedwali hili lina mituamo miwili. Jaribuni kusema «bei zimesawazika kwenye 900» mwone msikilizaji ataelewa nini. Ataelewa kwamba bei zimelingana, na kulingana kwa bei si lazima kwenye mtuamo. Nikibadili gharama za mmoja wao, zinaweza kutuama mmoja akiwa 900 na mwenziwe 1,000.

Pingamizi nililolisikia mara nyingi ni kwamba maji yaliyotuama ni maji mabaya, yenye viluwiluwi na uvundo, na kwamba istilahi ya kisayansi haipaswi kunuka. Mtu aliyetoa hoja hiyo mbele yangu aliisema kama aliyemaliza mjadala. Nashikilia kwamba hoja hiyo inalitetea neno langu. Rudini kwenye jedwali. Wafanyabiashara wote wawili wangekuwa na hali bora kwenye kisanduku cha juu kushoto, 55,000 na 35,000, ila hakuna anayeweza kukaa pale, kwa sababu kila mmoja ana sababu yake binafsi ya kushusha bei. Wamekwama chini na hakuna awezaye kutoka peke yake. Kwao wauzaji mtuamo huu ni mbaya, ingawa kwa mchuuzi wa samaki ni nafuu. «Usawa» na «mizani» yana harufu ya haki, na mwanafunzi akiyasoma hudhani kwamba Nash aligundua mahali pazuri pa kufikia. Nash hakuahidi hivyo. Mtuamo hausifu wala hauahidi. Unasema tu kwamba kitu kimekaa.

Wala mtuamo si lazima uwe wa chini. Muuzaji anaposhuka kutoka 1,000 hadi 900, faida yake kwa kila pande inashuka kutoka 500 hadi 400, kwa hiyo hafaidiki mpaka mauzo yake yaongezeke kwa zaidi ya robo. Wa mwaloni anahitaji kuvuka mapande 137, wa stendi 87. Kama wateja ni waaminifu kwa muuzaji wao, tuseme wa mwaloni akishusha anafika 130 tu na wa stendi 85 tu, basi 52,000 haiishindi 55,000, wala 34,000 haiishindi 35,000, na bei zinatuama juu, kwenye 1,000. Namba inayoamua ni ya wateja watakaohama.

Katika matumizi, «mtuamo wa Nash» uandikwe kwa ukamilifu mara ya kwanza na «mtuamo» baadaye. Hatua zake ziitwe «majibu bora». Na pale ambapo hakuna kisanduku chenye mistari miwili, tuseme mtuamo upo katika mbinu za kubahatisha, kwa kuwa Nash alithibitisha kwamba kila mchezo wenye idadi yenye kikomo ya wachezaji na ya chaguo unao mmoja angalau.

Jambo la mwisho linawahusu hata wasiosoma uchumi. Wauza barafu wetu wakikutana usiku na kukubaliana wote wauze 1,000, wanafanya kitu ambacho Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakikataza, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuwashughulikia. Ofisa anayewaeleza wananchi kesi ya namna hiyo kwa kutumia «usawa» atatoa picha kwamba wapanga bei walikuwa wakitafuta haki. Akisema kwamba bei zilikuwa zimetuama kwenye 900 na wao wakazipandisha kwa kula njama, kila mtu aliyepo mwaloni atamwelewa mara moja.

Naziomba kamati zinazohakiki istilahi zifanye jambo moja kabla ya kupitisha neno: zichore jedwali, ziwape wanafunzi neno hilo, na zitazame watakapoweka kidole. «Usawa» limeshindwa jaribio hilo. Liondolewe vitabuni.