Wimbo wa Sauti ya Pili

Mama mdogo aliwahi kuteremka na lori kutoka milima ya Upare hadi Same mjini, kuimba kwenye tamasha la muziki la shule. Alikuwa sauti ya pili. Kila alipotuimbia wimbo ule tulimcheka: ulipanda kidogo, ukanyamaza, ukarudi palepale. Mwishowe akaanza kuamini kwamba ameusahau.

Kosa lilikuwa letu. Mwimbaji wa alto hukariri njia yake tu, na mara nyingi tuni wanayoijua wasikilizaji iko kwa soprano. Basi niliacha kumwomba auimbe, nikamuuliza nani alianza.

“Kinanda kwanza,” alisema, “halafu sisi, peke yetu. Wengine wakatufuata.” Wanaume je? “Kuna mahali walisimama kwenye noti moja ndefu, kama wanatangaza jambo.” Na mwisho? “Kimya. Mwalimu ameinua mikono, hakuna anayepumua. Kisha tukamalizia polepole sana.” Maneno aliyobaki nayo ni matatu: utukufu, mwili, kinywa.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa “Haleluya” ya Handel, ambayo kwaya nyingi huipenda. Nayo ina kimya kabla ya mwisho. Lakini pale sauti zote nne huanza pamoja, na baadaye zinapofuatana, besi ndiyo hutangulia. Alto haifungui mlango popote.

Maneno yale matatu yalinipeleka kwenye Isaya 40:5, yanakokutana yote katika mstari mmoja. Mstari huo ndio maneno ya kwaya ya kwanza katika “Masihi”, kazi ambayo Handel huyohuyo aliitunga mwaka 1741 na kuimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Nilifungua nakala ya muziki: mapigo matatu, ala zinatangulia, alto inaingia peke yake. Habari ya kinywa inaanzishwa na tena na besi, wakishikilia noti ileile. Karibu na mwisho, kimya. Kisha maneno machache ya taratibu.

Nilimwekea rekodi kwenye simu. Ala zilipomaliza aliingia na alto, kwa Kiswahili, juu ya Kiingereza chao, bila kukosea mahali pa kuingia. Wajukuu hawakucheka.

Hata hivyo, jibu nililolipata ni nusu. Maneno aliyoimba si yale ya Biblia yetu neno kwa neno. Kuna mtu aliyakata na kuyapanga upya ili silabi za Kiswahili zienee kwenye noti za Handel, pengine akayaandika ubaoni pamoja na solfa, kisha ubao ukafutwa. Handel nilimpata kwa jioni moja. Nilipomuuliza mama mdogo jina la mtu huyo, alifikiri kwa muda mrefu.

“Tulimwita Mwalimu tu,” alisema.