Kwa nini fedha zilizotumwa Ijumaa jioni husubiri hadi Jumatatu

Mteja anayetuma fedha kutoka benki moja hadi nyingine mwishoni mwa juma huenda akaona salio lake limepungua, ilhali mpokeaji hajapata chochote na muamala unaonyesha neno "Pending". Mara nyingi fedha hizo hazijapotea. Zingali mikononi mwa benki ya mtumaji.

Nchini Kenya, malipo makubwa baina ya benki hupitia KEPSS, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya ulioanza mwaka 2005, ambao wateja huufahamu kama RTGS. Mfumo huo hufanya kazi siku za kazi pekee. Aidha, kila benki huweka saa yake ya mwisho ya kupokea maagizo, ambayo hutangulia saa ya kufungwa kwa mfumo wenyewe. PesaLink hufanya kazi hata wikendi, lakini haipitishi zaidi ya shilingi 999,999 kwa muamala mmoja.

Chukua mfano wa mnunuzi wa kiwanja anayetuma shilingi 1,200,000 kwa RTGS kupitia simu siku ya Ijumaa, baada ya saa ya mwisho ya benki yake kupita. Benki huzizuia fedha hizo papo hapo ili zisitumiwe kwa jambo jingine, kisha huliweka agizo kwenye foleni. Jumatatu asubuhi agizo hupelekwa KEPSS, na mpokeaji hutarajiwa kupata fedha siku hiyo hiyo. Jumatatu ikiwa sikukuu ya kitaifa, shughuli husogezwa hadi Jumanne.

Katika hali hiyo, hakuna haja ya kupiga simu Jumamosi. Wala mtumaji asirudie kutuma, kwani maagizo yote mawili yanaweza kutekelezwa Jumatatu. Iwapo siku ya kwanza ya kazi itakwisha bila fedha kufika wala kurejeshwa, awasiliane na benki yake asubuhi inayofuata, akiwa na nambari ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, tarehe na akaunti ya mpokeaji.

Hata hivyo, kuna mambo yasiyongoja Jumatatu: nambari ya akaunti iliyokosewa, muamala ambao mwenye akaunti hakuuidhinisha, au agizo lililotumwa mara mbili. Hapo mteja apige simu mara moja kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yake ya benki. Agizo likiwa bado kwenye foleni, benki huweza kulisimamisha. Likishapita KEPSS, malipo huwa ya mwisho, na kwa kawaida fedha zilizoingia katika akaunti nyingine hurejeshwa kwa ridhaa ya aliyezipokea au kwa amri ya mahakama.

Katika mawasiliano hayo, mteja hapaswi kumtajia yeyote nambari yake ya siri, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa benki.